Majibu ya utafiti wa maji yamebandikwa kama maandishi matupu, nataka kila mhojiwa awe na mstari wake

Binti_wa_Pipeline:
Habari zenu wadau. Naomba msaada, nimekwama tangu Ijumaa.

Tulifanya utafiti mdogo Mukuru kwa Njenga na kwa Reuben kuhusu maji ya kununua. Wahojaji walikuwa wanne, na kila mmoja aliandika majibu kwenye simu kisha akanitumia kwa WhatsApp. Nimeyanakili yote na kuyabandika kwenye Excel, na sasa yamejipanga chini kwa chini kwenye safu A peke yake, mistari 870. Yanakaa hivi:

```
Mhojiwa: 4
Eneo: kwa Reuben
Chanzo: kioski
Mitungi: 3-4
Bei: 10, lakini maji yakipotea
ni 20 hata 30
Shida: foleni kuanzia saa 11:30
```

Maswali ni sita kwa kila mtu. Kwa hesabu ya makaratasi ya wahojaji, watu ni 143. Ninachotaka ni jedwali ambalo kila mtu ana mstari mmoja na kila swali lina safu yake. Nilijaribu kunakili kwa mkono, nikafika watu 20 na mkono ukauma. Nimeweka picha hapa chini mwone.

Kaka_Takwimu:
Rahisi sana dada. Kama maswali ni sita, waambie wajipange sita sita:

```
=WRAPROWS(A2:A871,6)
```

Fomula moja tu na kazi imeisha.

MwanaKayole:
Kwa nini usitumie fomu ya mtandaoni? Sisi kwenye chama chetu kila mwanachama anajaza mwenyewe na majibu yanaingia kwenye jedwali moja kwa moja. Hakuna kubandika.

Binti_wa_Pipeline:
@MwanaKayole asante, safari ijayo nitafanya hivyo. Ila haya majibu tayari ninayo na siwezi kuwarudia watu 143.

@Kaka_Takwimu nimeijaribu, Mungu akubariki. Watu wa juu wako sawa, na wa chini kabisa nimewaangalia wako sawa pia. Ila katikati naona "foleni" iko chini ya Mhojiwa. Ni wachache, au niwarekebishe kwa mkono?

Mama_Jedwali:
Binti yangu, usirekebishe chochote kwa mkono kwanza. Na usiamini kwamba wa chini wako sawa kwa sababu mstari wa mwisho unapendeza.

Tazama mfano wako mwenyewe. Huyo mhojiwa ana mistari saba, si sita, kwa sababu jibu la bei lilikatika na kuendelea mstari wa pili. Kuanzia hapo kila kitu kimesogea hatua moja. Sasa mbele yake yuko mtu ambaye mhojaji alisahau kumwandikia Mitungi, kwa hiyo ana mistari mitano. Kosa la kwanza limesukuma mbele, la pili limerudisha nyuma, na baada ya hapo jedwali linaonekana limenyooka. Watu wote walio kati ya makosa hayo mawili wamebeba majibu yaliyokaa mahali si pake. Ukikagua juu na chini peke yake huwezi kuwaona. Tena hesabu yenyewe ilikuwa imekuonya: watu 143 mara sita ni 858, wewe una 870.

Kwa hiyo acha kuhesabu mistari. Kila mstari uambiwe mambo mawili: ni wa mtu gani, na unajibu swali gani. Ukishajua hayo, kuupeleka mahali pake ni kazi nyepesi, hata kama mtu ana mistari mitano au tisa.

Tengeneza shiti tatu. Ya kwanza iite Ghafi, weka maandishi kama yalivyokuja na usiyaguse tena. Ya pili iite Kazi, bandika nakala kwenye safu A kuanzia mstari wa pili. Ya tatu iite Safi, ambako A1 utaandika Namba, na B1 hadi G1 vichwa vyako sita: Mhojiwa, Eneo, Chanzo, Mitungi, Bei, Shida.

Kwenye Kazi, safu B inasafisha nafasi zilizojificha, C inampa kila mtu namba, D inasema swali, na E inabeba jibu:

```
B2: =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
C2: =COUNTIF(B$2:B2,"Mhojiwa*")
D2: =IFERROR(LEFT(B2,FIND(":",B2)-1),D1)
E2: =IF(LEFT(B2,LEN(D2)+1)=D2&":",TRIM(MID(B2,LEN(D2)+2,500)),B2)
```

Ziburute hadi chini. C inaongeza moja kila inapokutana na neno Mhojiwa. Usitumie namba walizoandika wahojaji, kwa sababu naona kila mmoja alianza na 1, kwa hiyo utakuwa na akina "Mhojiwa 4" wanne. Mstari usio na nukta mbili, kama ule wa "ni 20 hata 30", unachukua swali la mstari ulio juu yake.

Ukifika hapo simama. Niambie namba ya mwisho kwenye safu C ni ngapi.

Binti_wa_Pipeline:
Ni 141. Wawili wamepotea! Na kwenye safu D kuna swali linaloitwa "foleni kuanzia saa 11".

Mama_Jedwali:
Hilo la pili ni kosa langu. Mstari wa Shida wa mtu huyo umekatika, na kipande cha pili kina nukta mbili za saa, fomula ikadhani ni kichwa. Iambie ikubali vichwa vile sita tu:

```
D2: =IFERROR(IF(COUNTIF(Safi!$B$1:$G$1,LEFT(B2,FIND(":",B2)-1))>0,LEFT(B2,FIND(":",B2)-1),D1),D1)
```

Kuhusu wawili waliopotea, hawajaenda mbali, wamemezwa na waliotangulia. Tafuta mtu mwenye Eneo mbili. Weka hii kwenye F2 na uchuje zinazozidi 1:

```
=IF(LEFT(B2,5)="Eneo:",COUNTIFS(C$2:C$900,C2,D$2:D$900,"Eneo"),"")
```

Binti_wa_Pipeline:
Nimewapata wote wawili! Mmoja mhojaji aliandika "Muhojiwa". Wa pili hana mstari wa Mhojiwa kabisa, aliruka kutoka Shida moja kwa moja hadi Eneo la mtu mwingine. Nimesahihisha kwenye Kazi: huyo wa pili nimemwongezea mstari, nikaburuta fomula upya. Sasa C inaishia 143.

Mama_Jedwali:
Vizuri sana. Kwenye safu G ya Kazi andika ulichobadilisha mbele ya kila mstari uliougusa, ili mtu akikuuliza mwezi ujao uwe na jibu. Sasa Safi: A2 kushuka chini andika 1 hadi 143, kisha B2 weka hii, uburute kulia hadi G na chini hadi mwisho:

```
=IFERROR(TEXTJOIN(" ",TRUE,FILTER(Kazi!$E$2:$E$900,(Kazi!$C$2:$C$900=$A2)*(Kazi!$D$2:$D$900=B$1))),"")
```

Jibu lililokatika litaungana lenyewe. Aliyekosa Mitungi atabaki na seli tupu. Iache tupu, usiandike 0, maana 0 ni mtu aliyesema hanunui maji na tupu ni mtu ambaye hatujui alisema nini.

Kabla hujafurahi, rudi Kazi uchuje safu E uone yenye nukta mbili. Saa si tatizo. Ila mhojaji aliyeandika "Bei :" akaacha nafasi kabla ya nukta, jibu lake litakuwa limegandishwa kwenye Mitungi.

Otis_Umoja:
Mimi nimefuata kwa ajili ya orodha yangu ya wapangaji, lakini hiyo ya mwisho inaniachia seli zote tupu. Natumia Excel 2016.

Mama_Jedwali:
@Otis_Umoja hiyo haina FILTER. Pandisha faili Google Sheets, fomula zote hizi zinakubali kule.

Kaka_Takwimu:
Nakubali, yangu ilikuwa ya haraka mno. Lakini safu D na E mngepata kwa Data > Text to Columns, mkate kwenye nukta mbili. Hakuna haja ya fomula ndefu.

Binti_wa_Pipeline:
@Kaka_Takwimu hiyo ndiyo niliyoanza nayo Ijumaa! Mitungi "3-4" ikageuka "3-Apr". Nikaifanya namba ikawa 45750. Nusura niandike kwamba kuna nyumba inanunua mitungi elfu arobaini na tano kwa siku.

Mama_Jedwali:
Excel iliisoma kama tarehe 3 Aprili. Ukitumia njia ya Kaka, hatua ya tatu ya kile kidirisha uchague Text kwa safu hiyo kabla ya kumaliza. Ikishageuka tarehe usijaribu kuirudisha kwa kukisia, rudi kwenye Ghafi. Kwenye fomula zetu haigeuki, kwa sababu LEFT na MID hutoa maandishi.

Wakili_wa_Southlands:
Samahani naingilia. Ile picha uliyoweka mwanzoni inaonyesha namba za simu, na nadhani ni za wahojiwa. Tafadhali iondoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda watu hawa, na wao waliongea na mhojaji mlangoni, si na sisi. Kwenye jedwali la Safi baki na namba 1 hadi 143. Majina na simu viweke kwenye faili tofauti yenye nenosiri.

Binti_wa_Pipeline:
Nimeiondoa sasa hivi. Asante kwa kunikumbusha.

Jedwali limekaa. Nimechukua watu 15 wa katikati, nikawalinganisha na ujumbe wao wa WhatsApp mmoja mmoja, wote sawa. Limebaki jambo la bei. "10, lakini maji yakipotea ni 20 hata 30" niiandikeje? Ninazo kama hizo 38.

Mama_Jedwali:
Safu ya Bei usiiguse. Ongeza mbili pembeni, Bei_kawaida na Bei_uhaba, na kwa huyu weka 10 na 30. Kwa asiyetaja uhaba, ya pili iache tupu.

Kaka_Takwimu:
Kwa nini 30? Kasema 20 hata 30. Mimi ningeweka 20, ndiyo ya mara nyingi.

Mama_Jedwali:
Una hoja. Au safu mbili za uhaba, chini na juu. Lakini lolote atakaloamua, lifanane kwa wote 38.

Binti_wa_Pipeline:
Nitaweka chini na juu. La mwisho kabisa: mhojiwa 97 walijibu mume na mke pamoja. Mitungi na bei ni moja, ila Shida mke kasema foleni na kubeba mtungi ngazini hadi orofa ya nne, mume kasema bei. Huyo ni mstari mmoja au miwili?

Mama_Jedwali:
Mmoja. Mitungi ni ya nyumba. Ukiwafanya wawili umehesabu maji yao mara mbili.

Wakili_wa_Southlands:
Lakini ukiwafanya mmoja, anayebeba mtungi ngazini sauti yake inachanganywa na ya asiyebeba. Mlipowatuma wahojaji, mliwaambia wahoji nyumba au wahoji mtu?

Binti_wa_Pipeline:
Karatasi ya maelekezo inasema "mhojiwa" tu. Nampigia msimamizi wangu kesho asubuhi.