Nimeulizwa kama ujumbe wa wizi nilijiandikia mwenyewe

Mama Vitenge

Wadau, nimetoka sasa hivi kwenye kaunta ya wale waungwana wa mtandao wangu wa simu ambao sina haja ya kuwataja, kwa sababu hakuna kati yenu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni yao mpaka viatu vikaisha soli.

Jana jioni nilikuwa dukani Kariakoo, mahali ambapo 4G huwa imejaa vistari vyote, nikisubiri mteja anipigie. Ghafla alama ikashuka hadi E, intaneti ikakata, na ukaingia ujumbe wenye jina lao kamili ukisema kwamba pointi zangu zinaisha leo usiku na kwamba nibonyeze kiungo ili nichukue zawadi. Ulikaa chini ya jumbe zao halali za vocha, katika mfululizo uleule. Jirani yangu wa duka, ambaye ni mteja wao pia, alipokea maneno hayohayo wakati uleule, ilhali kijana wake anayetumia mtandao mwingine hakupata kitu. Sikubonyeza. Leo nimekwenda kuwataarifu kwa nia njema kabisa.

Kijana wa kaunta akapekua kompyuta yake, akasema kwamba mfumo hauonyeshi ujumbe wowote uliotumwa kwangu muda huo, kisha akashusha miwani na kuniuliza: "Mama, una uhakika hukujiandikia mwenyewe?"

Hukujiandikia mwenyewe! Mbele ya foleni nzima! Mimi, ambaye hata salamu za Idi huwa naandikiwa na mwanangu, nimekaa usiku nikitunga wizi, nikajitumia, kisha nikapanda daladala kuja kujishtaki. Nasema tena, alishusha na miwani.

Kalamu Kavu

Pole sana, dada. Hata hivyo tunaomba utuwekee na maandishi yako mengine, maana huu wa pointi umeandikwa kwa ufundi mkubwa na huenda ukastahili tuzo.

Babu wa Tandika

Huo ni mnara bandia, na wala si jambo la kucheka. Ukiona alama ya E tu, ujue umekwisha kunaswa, na papo hapo wanasoma namba yako ya siri ya pesa za simu na kuhamisha salio. Zima simu, toa laini, na usiirudishe mpaka kesho yake.

Fundi wa Masafa

Dada, kijana alikukosea adabu, lakini kompyuta yake huenda ilisema kweli, na hapo ndipo penye jambo. Ujumbe wa mnara bandia haupiti kabisa kwenye mitambo ya kampuni. Hutoka kwenye kisanduku kilichofichwa ndani ya gari na kuingia moja kwa moja kwenye simu yako, kwa hiyo hauachi kumbukumbu kwao wala hauwezi kuzuiwa na vichujio vyao. Jina la mtumaji huandikwa na mwenye kisanduku apendavyo, na kwa kuwa simu hupanga jumbe kwa kufuata jina tu, huuweka pamoja na zile halali.

Simu iliyotulia husikiliza minara ya jirani muda wote na humfuata anayesikika vizuri, mithili ya abiria anayepanda gari la konda mwenye sauti kubwa bila kuuliza leseni. Kisanduku hujitangaza kwa nguvu kama mnara wa 4G wa kampuni yako, ila kwa namba ya eneo ambayo simu haiitambui, nayo ikidhani imehamia eneo jipya huenda kujitambulisha. Ni kweli kwamba 4G ina utaratibu wa simu kuukagua mtandao, lakini maneno ya mwanzo kati ya simu na mnara hupita kabla ya ukaguzi huo, na katika upenyo huo simu huelekezwa ishuke 2G, ndiyo ile E uliyoiona. Huko chini mtandao humkagua mteja, lakini mteja hana njia yoyote ya kuukagua mtandao, na mnara ukisema mawasiliano yasifichwe, simu hutii. Ujumbe hushushwa, kisha simu huachiwa irudi kwenye mnara wake. Yote hayo huchukua sekunde chache.

Novemba 2024 polisi wa Thailand walitangaza kumkamata dereva aliyekuwa akizunguka na kifaa cha namna hii katika eneo la Sukhumvit, Bangkok. Kwa maelezo yao, kilifika umbali wa kilomita 3, kiliweza kurusha jumbe 100,000 kwa saa, na ndani ya siku 3 kilikuwa kimerusha karibu milioni moja. Hata maneno yalifanana na yako: pointi 9,268 zinakaribia kuisha, fungua kiungo hiki.

Babu, uko sahihi kuhusu mnara, ila salio halihamishwi hivyo. Kisanduku hakijaunganishwa na mtandao wa kweli, kwa hiyo muda ule simu imenaswa hata menyu ya pesa haifunguki. Fedha huondoka baadaye, mtu anapofungua kiungo na kujaza kadi au namba ya siri kwa mikono yake. Na alama ya E peke yake si ushahidi. Kinachotia shaka ni E ya ghafla mahali penye 4G imara, ikifuatwa papo hapo na ujumbe wenye kiungo.

Mama Vitenge

Kwa hiyo kompyuta ilikuwa na jibu, na yeye akaona afadhali anitangaze mbele za watu kuwa mtunzi! "Hukujiandikia mwenyewe?" Sitalala leo.

Mhasibu Mstaafu

Naomba kutofautiana kidogo. Kampuni zinazouza huduma ya jumbe za mkupuo huruhusu mteja kutumia jina badala ya namba, na tapeli anaweza kusajili jina linalofanana bila kuhitaji gari wala mnara.

Fundi wa Masafa

Inawezekana, Mzee, na sijui kaunta huonyeshwa jumbe gani hasa. Lakini ule wa mkupuo haungehitaji kuishusha simu hadi E, wala kuwapata majirani wawili kwa wakati mmoja. Mwenye Android ya karibuni anaweza kuingia kwenye mipangilio ya laini na kuzima `Allow 2G`. Kwenye iPhone, 2G huzimwa na `Lockdown Mode`, ambayo hubana na mambo mengine mengi. Angalizo: usizime kama unakoishi kuna 2G pekee.

Msafiri wa Tunduma

Mimi nao wamenipata kwa mnara! Waliniandikia: "Ile pesa itume kwenye namba hii."

Kalamu Kavu

Ndugu, hao hawana mnara. Hao wana laini ya kawaida na matumaini.

Bi Foleni

Nyinyi mnazungumzia miwani! Mimi kwenye kaunta hiyohiyo nilipewa namba ya foleni, nikaitwa, nikaambiwa ni dirisha jingine, na dirisha jingine likadai namba mpya. Nilipofika mbele walikuwa wanafunga.

Babu wa Tandika

Afadhali wewe uliitwa. Mimi alama ya kidole ilikataa, wakaniambia vidole vyangu vimezeeka.

Mama Vitenge

Tafadhali turudi kwenye miwani.

Bi Foleni

Babu, ilikuwa tawi lipi? Maana lile la stendi ndilo langu.

Msafiri wa Tunduma

Fundi, nilizima hiyo 2G uliyosema. Niko kijijini tangu asubuhi, simu inaandika hakuna huduma, na hapa nimepanda kilimani kuazima simu ya mwalimu ili nikuandikie. Mama mkwe amepiga mara kadhaa na anadai nimemkimbia. Nani atamweleza?