Nilipie kwa mwezi au kwa mwaka, na nikikatiza katikati narudishiwa kiasi gani?

Kalamu_Nyeusi: Wakuu, habari zenu. Kuna programu ya michoro naihitaji kikazi. Kwa mwezi ni 10, kwa mwaka ni 96 ukilipa kwa mkupuo. Kazi huenda ikaisha baada ya miezi 5, au ikaendelea. Nikilipia mwaka halafu nikakatiza, narudishiwa nini?

Mzee wa Hesabu: Chukua mwaka mkuu. 96 kwa miezi 12 ni 8 kwa mwezi. Ukikatiza mwezi wa 5 imebaki miezi 7, unarudishiwa 56. Huna cha kupoteza.

Bi Stakabadhi: Hiyo 56 utaipata tu kama masharti yanasema wazi kwamba wanarudisha kulingana na muda uliobaki. Huduma nyingi hazifanyi hivyo. Ukibonyeza `Cancel` unazima malipo ya mwaka ujao tu. Unaendelea kutumia hadi mwaka uishe na hela hairudi. Wengine hupiga hesabu upya: miezi 5 uliyotumia wanaitoza bei ya mwezi, yaani 50, wanakurudishia 46. Kwa mtindo huo ukikatiza mwezi wa 10 hupati kitu, maana 100 imeshapita 96.
Kwa mwezi, miezi 9 itakugharimu 90, miezi 10 itakugharimu 100. Kwa hiyo mwaka unakulipa kuanzia mwezi wa 10. Kwa kazi ya miezi 5 isiyo na uhakika, lipa kwa mwezi. Na ukiona `annual, billed monthly` soma mara mbili: unakatwa 8 kila mwezi lakini umejifunga mwaka mzima, na kujitoa mapema kunaweza kuwa na faini.

Dogo_Simu: Mimi app nilishaifuta kwenye simu na bado wananikata!

Bi Stakabadhi: Kufuta app hakusitishi malipo, mdogo wangu. Fungua Play Store, gusa picha yako, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, uikatize hapo. Kama ulilipia kwenye tovuti ya kampuni haitaonekana huko; ingia kwenye akaunti yako ya tovuti hiyo.

Kalamu_Nyeusi: Asante dada. Na wao si hutuma ukumbusho kabla ya kukata?

Bi Stakabadhi: Wengine hutuma, wengine hutuma risiti tu baada ya kukata. Ukumbusho wenyewe huenda kwenye barua pepe uliyojisajilia, na ukiwa umeiacha hutauona. Weka wako kwenye kalenda, siku 7 kabla, na uandike humo kiasi kitakachokatwa. Usingoje siku yenyewe, kwani saa zao huenda si zako. Njia ya uhakika zaidi ni kuzima kujirudia siku ileile uliyolipa. Ila ukiwa kwenye majaribio ya bure angalia kwanza: baadhi hukufungia papo hapo.

Mzee wa Hesabu: Nakubali kuhusu 56. Ila bei ya mwezi wanaweza kuipandisha katikati, ya mwaka umeshaifunga. Hilo nalo lihesabiwe.

Bi Stakabadhi: Ni kweli. Ingepanda hadi 12 mwezi wa 3, miezi 5 ingekuwa 56. Bado iko mbali na 96.