Kipepeo cha bawa lililovunjika: hatari imeondoka au imehama?

Kijana wa Tabata: Wakuu, nikijenga kipepeo cha puti kwenye SPY nikapokea pesa mwanzoni, upande wa juu sina hasara. Sasa kwa nini mnasema bado ni hatari? Na soko likishuka mnarekebisha vipi?

Fundi Opsheni: Tushike bei za mfano. SPY iko 500, zimebaki siku 30. Unanunua puti moja ya 485 kwa 3.00, unauza mbili za 480 kwa 2.30 kila moja, unanunua moja ya 465 kwa 1.10. Inabaki 0.50 mkononi kwa kila hisa, na mkataba mmoja ni hisa 100, yaani dola 50. Siku ya mwisho SPY ikiwa juu ya 485, puti zote zinakufa na dola 50 ni zako. Ikikaa 480 kamili unapata 550. Ikivuka 474.50 kwenda chini unaanza kupoteza, na kuanzia 465 hasara inasimama kwenye 950. Bawa la juu lina upana wa 5, la chini 15. Hiyo tofauti ndiyo iliyokulipa. Hatari ya juu umeihamishia chini.

Baharia wa Houston: Unahatarisha 950 upate 50? Mwenye akili hiyo akauze mitumba, opsheni awaachie wenye mtaji.

Mama Salma: Mitumba imesomesha wanangu wawili, kaka. Mtaji wa bandali moja la daraja la kwanza unaujua wewe? Usiitaje kama kazi ya wajinga.

Baharia wa Houston: Sijamtukana mtu, dada. Nazungumzia hesabu.

Mama Salma: Hesabu yenyewe umeisoma nusu. Siku nyingi soko halifiki hata 485. Ukitaja 950 bila kusema inatokea mara ngapi, unamtisha kijana tu.

Kijana wa Tabata: Jamani, swali langu la kurekebisha?

Mzee wa Chati: Weka stopu chini ya 474.50, mdogo wangu. Mimi kwenye dhahabu nafanya hivyohivyo.

Fundi Opsheni: Mzee, shikamoo, lakini hapo utachelewa. 474.50 ni mstari wa siku ya mwisho. SPY ikianguka hadi 482 ndani ya siku tano, na bei za opsheni zikavimba kwa hofu, skrini itakuonyesha hasara ya kama dola 200, ingawa mchoro unasema hapo ndipo penye faida. Zile puti mbili ulizouza zimepanda bei na muda bado haujazila. Wengi hufunga hapo kwa mshtuko kwa sababu hawakupanga mapema.

Mama Salma: Mimi hapo nainua bawa la chini. Nauza ile 465, nanunua 470. Hasara kubwa inapungua.

Fundi Opsheni: Inapungua, ila sema na gharama. Soko likiwa limeshaanguka, kuinua kunaweza kukugharimu 1.40 hivi. Hasara ya chini inatoka 950 hadi 590, sawa. Lakini ulipokea 0.50 na sasa umelipa 1.40, kwa hiyo soko likirudi juu ya 485 unapoteza dola 90. Ule upande uliosema hauna hatari umeurudishia hatari kwa mkono wako. Sheria yangu ni kuinua mapema, SPY ikigusa 490, wakati bawa bado ni rahisi. Hasara ikifika mara mbili ya nilichopokea, nafunga.

Mama Salma: Mara mbili ni dola 100. Soko likitikisika kidogo tu umetolewa, kisha linarudi. Mimi nangoja.

Baharia wa Houston: Agosti 2024 mliongoja mlilia. Soko lilianguka asilimia 5 siku moja.

Fundi Opsheni: Tarehe 5 S&P 500 ilishuka kama asilimia 3. Kilichoua watu ni VIX, kile kipimo cha hofu kinachovimbisha bei za opsheni, ilipita 65 ndani ya siku hiyo.

Baharia wa Houston: Tatu au tano, akaunti yangu iliumia. Na si bei peke yake. Puti nilizouza zilikuwa ndani sana, mwenye nazo akazitumia kabla ya muda, nikaamka na hisa 200 za SPY. Broka akafunga kila kitu asubuhi kwa bei mbaya. Hayo ndiyo yaliyonifanya niseme mitumba, dada.

Mama Salma: Ungeanza na hilo, tungekusikiliza.

Fundi Opsheni: Ndiyo maana mimi nimehamia XSP, opsheni za faharasa yenyewe badala ya hisa za SPY. Ukubwa wake ni karibu sawa na SPY, haitumiki kabla ya siku ya mwisho, na inalipwa kwa fedha taslimu.

Mama Salma: Na pengo la bei ya kununua na kuuza je? XSP ni pana kuliko SPY. Kwa miguu minne, nusu ya hizo dola 50 zako zinaishia mlangoni.

Fundi Opsheni: Weka oda moja ya miguu yote minne kwa bei ya kati, usubiri.

Mama Salma: Kuingia utasubiri. Soko likianguka na unataka kutoka, utasubiri pia?