Kazi ya kulala hukohuko: kumuangalia mzee au kusimamia jengo, ipi ikiisha hainiachi barabarani?

chumba_kimoja:
Habari wadau. Nimepata kazi mbili kwa mpigo na zote zinakuja na pa kulala. Ya kwanza kumuangalia mzee mmoja anaishi peke yake, nalala chumba cha pili hapohapo kwake, anayenilipa ni mtoto wake wa kike. Ya pili ni usimamizi wa jengo la wapangaji, kuna kichumba chini karibu na ngazi, nafungua geti, naangalia pampu, napokea malalamiko. Jengo linalipa pungufu kidogo ya mzee. Chumba nilichopanga nataka nirudishe ili nisilipe kodi bure, ila kinachonitisha ni kwamba siku kazi ikikatika na nyumba imekatika. Nyie mngechagua ipi?

Bahati_mbili:
Chukua ya mzee, hela zaidi na kazi ya mtu mmoja. Nyumba bure hiyo ni mshahara juu ya mshahara, unawaza nini

mzee_wa_funguo:
Bahati, bure hiyo ipigie hesabu kwanza. Gawa mshahara wa kazi ya nje, ile unayorudi kulala kwako, mafungu 10. Kodi tuseme inakula 3, nauli 1, umebaki na 6. Kazi ya ndani inakupa 7 mkononi. Kwa hiyo faida yako ya mwezi ni fungu 1, sio 3 kama kichwa kinavyokudanganya. Sasa wakikutoa, mwenye nyumba mpya anataka kodi ya miezi mitatu mbele, hapo mafungu 9 yanatoka siku moja, bado gari la kuhamisha. Yaani ukitolewa kabla hujamaliza miezi tisa ujue ile faida yote haikufikisha hata hela ya kuingilia chumba.

Bahati_mbili:
Hata wa nje akifukuzwa kazi anadaiwa kodi vilevile mkuu, miezi mitatu bila kazi na yeye mafungu 9 yameenda. Mbona sawa tu?

mzee_wa_funguo:
Kiasi sawa, hapo umenibana. Tofauti ni kasi. Yule wa nje anadaiwa kidogokidogo, anaweza kumbembeleza mwenye nyumba wiki mbili, na usiku analala kwake. Wa ndani anatakiwa azitoe zote wiki hiyohiyo, na mtu wa kumbembeleza ni yuleyule aliyemfukuza.

kalamu_nyekundu:
Kwani hamna kazi za kufanyia nyumbani kwa laptop? Mimi mwaka wa pili sasa sijatoka ndani, sina bosi wa kunifukuza

dada_wa_zamu:
Kalamu, anaongelea kazi ya kuishi kwa mwajiri, sio kufanyia kazi nyumbani 😂

Chumba_kimoja ngoja nikwambie, mimi nimeangalia wazee watatu, wa kulala hukohuko. Hakuna hata mmoja aliyenifukuza na mara zote tatu nilihama. Wa kwanza alifariki, wa pili wanawe walimhamishia kwao, wa tatu alilazwa akakaa wodini wiki tano na familia wakaniambia dada wewe nenda kapumzike tutakuita, na mshahara ukasimama hapohapo. Sikukosea kitu. Ndiyo ubaya wa hii kazi, haiishi kwa kosa lako, inaishia mwilini mwa mtu mwingine, na siku ikiisha nyumba inajaa ndugu wa msiba wanaohitaji hichohicho chumba chako cha kulala. Mimi na begi langu tulikuwa koridoni siku ya pili, na kusema kweli nilikuwa nalia kwa mambo mawili, yule mzee nilimpenda.

chumba_kimoja:
Pole sana dada. Sasa hapo mtu anajikingaje?

dada_wa_zamu:
Kwanza aliyesaini mkataba awe mtoto, sio mzee. Wa kwanza wangu alisaini mwenyewe kwa mkono unaotetemeka, alipofariki kila mtoto akasema mimi sikukuajiri. Pili usiandike "wakinifukuza", andika "kazi ikiisha kwa sababu yoyote isiyokuwa kosa kubwa langu, ikiwemo kifo, kulazwa au kuhamishwa kwa mzee, nitabaki chumbani siku 30 na nitalipwa mshahara wa mwezi huo". Kulazwa ukiiweka peke yake ni bora zaidi, maana pale hujafukuzwa na hujaajiriwa, unaning'inia. Leo mimi ningekubaliana nusu mshahara kwa siku zote mzee atakazokuwa hospitali na funguo zinabaki kwangu.

sheria_mtaani:
Naongezea. Shirika la Kazi Duniani lina Pendekezo namba 201 la mwaka 2011, la wafanyakazi wa majumbani. Linasema anayeishi kwa mwajiri akiachishwa bila kosa kubwa apewe notisi ya muda wa kutosha, na ndani ya notisi apewe nafasi ya kutoka akatafute kazi na pa kuishi. Kwa hiyo hawawezi kukutoa.

mzee_wa_funguo:
Taratibu hapo mwanasheria. Pendekezo ni pendekezo, halimfungi mwajiri mpaka nchi yako iweke kwenye sheria zake, na siku zenyewe halijazitaja. Pia linahusu kazi ya ndani ya nyumba ya mtu. Kumuangalia mzee inaingia, msimamizi wa jengo aliyeajiriwa na kampuni haingii.

Mimi nimesimamia jengo miaka sita nikatolewa lilipouzwa. Ila jengo halifi usiku mmoja. Miezi minne kabla walianza kuja watu na futi ya kupimia, wanapiga picha paa, halafu matengenezo madogo niliyokuwa naomba yakawa yanajibiwa "subiri kwanza". Nilijua kabla sijaambiwa. Kilichonitesa kilikuwa kingine: mshahara wa mwisho wakasema utatoka nikikabidhi chumba kitupu, na mimi nitahamaje bila huo mshahara? Tukazungushana siku kumi hivi, nikarudi jioni moja nikakuta kitasa kipya na vitu vyangu viko ndani. Kwa hiyo mkatabani kwako iandikwe funguo na hela vinabadilishana mkono kwa mkono siku hiyohiyo. Na siku ya kuingia piga picha chumba, kuta, sinki, kila kitu, la sivyo watakukata za uharibifu ulioukuta.

sheria_mtaani:
Sawa nakubali. Lakini akiomba mkataba wa pango mbali na wa kazi, alipe kodi hata ndogo kwa risiti, si anakuwa mpangaji kamili?

mzee_wa_funguo:
Kuna sehemu inasaidia sana, kuna sehemu wanaangalia kama chumba ni cha lazima kwa kazi, na cha msimamizi mara nyingi ni cha lazima kwa sababu anatakiwa awepo usiku pampu ikigoma. Aulize alipo kabla hajakitegemea.

chumba_kimoja:
Nimempigia yule binti wa mzee leo. Siku 30 amekubali ila akisikia neno kifo anabadilisha mada, anasema tuandike "hali ikibadilika". Jengo wamesema mkataba wao ni karatasi iliyochapwa, hawaongezi mstari. Chumba changu cha kupanga sijakirudisha bado, nimeongea na rafiki tugawane kodi nusu kwa nusu, yeye alale, vitu vyangu vibaki.

dada_wa_zamu:
"Hali ikibadilika" usisaini. Mwambie aandike "mzee asipokuwepo nyumbani kwa sababu yoyote", kifo kimo humo na hajakitamka.