Mtoto wa siku tisa hana jina: kwao Wangari, kwetu Akinyi. Tufanyeje?

MamaUmoja
Habari zenu. Nimejifungua binti, mtoto wetu wa kwanza, saa tano usiku. Mume wangu ni Mkikuyu, na anataka binti aitwe Wangari, jina la mamake aliye hai. Mimi ni Mjaluo. Shangazi yangu amemwota nyanya yetu marehemu, Akinyi, akimbeba mtoto, na kwetu wanasema jina limekwisha kujitaja. Tumeanza kununiana. Hospitali waliandika jina la baba tu kwenye karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Sitaki kumkosea mama mkwe, wala kwetu waone nimewatupa.

Kevo_254
Saa tano usiku ni Atieno. Akinyi ni wa asubuhi. Hapo kwenu wamekosea, mpe mzee Wangari yake muishe.

NyarSiaya
Kevo, hilo ni sawa kwa jina la wakati wa kuzaliwa peke yake. Jina la marehemu, juogi, halifuati saa. Akinyi aliyeotwa ndotoni ni yule nyanya mwenyewe, na mtoto hurithi jina lake hata kama kazaliwa usiku wa manane. MamaUmoja, hapo ndipo pa kuanzia: waulize kwenu wanataka nini hasa. Je, wanataka jina liandikwe kwenye cheti, au wanataka mtoto aitwe hivyo nyumbani? Jina la juogi kazi yake ni kuitwa. Zamani mtoto akilia bila kunyamaza, wazee walitaja majina ya marehemu moja moja mpaka anyamaze kwa moja. Hakukuwa na fomu hapo. Mara nyingi mtakuta wazee wanaridhika mtoto akiitwa Akinyi na nyanya yake, hata cheti kikisoma jina jingine.

Wakili wa Mtaani
Mwandike haraka basi. Jina likishaingia kwenye cheti halibadiliki tena.

Mzee Githaiga
Siyo hivyo kabisa, bwana Wakili. Kuzaliwa kwa mtoto husajiliwa ndani ya miezi sita. Ukipitisha, ni usajili wa kuchelewa na ushahidi zaidi. Lakini sheria inaruhusu mzazi kuandikisha jina, au badiliko la jina, kabla ya miaka miwili kupita tangu usajili, kwa ada na ushahidi. Kwa hivyo mna nafasi. Ila msiitumie kama kichaka cha kujifichia, maana mtoto ataandikwa kliniki kwa jina moja na kanisani kwa jingine, kisha herufi zipingane.

Sasa kwa upande wetu. Binti wa kwanza ni wa nyanya wa upande wa baba. Wa pili ndiye wa nyanya wa upande wa mama. Kwa hiyo mama mkwe hakuomba zawadi, anangoja haki yake. Baba humwita binti huyo "maitu", mama yangu. Ukimnyima, kinachomuuma si herufi, ni kuona mwanawe hamtambui.

Ningefanya hivi. Mume azungumze na mamake, wewe na shangazi yako. Msivuke mipaka: mkwe akimshawishi mkwe, hata neno zuri husikika kama dharau. Mume amwambie mamake, "Wangari ni wako, halina mjadala. Tunaomba ruhusa aitwe Akinyi pia, kwa ajili ya marehemu wao." Aombe, asiarifu. Akikubali, andikeni Wangari, kisha Akinyi, kisha jina la baba, na msiongeze jingine. Mkitaka la ubatizo, mjue mnabeba majina manne kwenye kila fomu ya shule.

NyarSiaya
Nakubaliana na Mzee, ila moja. Msiwaahidi kwenu kwamba "binti wa pili atakuwa Akinyi". Huenda mkapata wavulana watupu, na kwa mpangilio wa Kikuyu huyo wa pili ni wa mama yako, si wa marehemu nyanya. Ahadi hiyo itawaangukia wote wawili.

Sheba_Pangani
Sisi akika ni siku ya saba na jina hutangazwa hapo. Je, nikiwa na mapacha, kila mmoja apewe upande wake?

Mzee Githaiga
Sheba, fungua uzi wako, hapa tutachanganyana.

Kevo_254
Na kama kwenu wanasema Akinyi lazima litangulie?

NyarSiaya
Hapo sina jibu la uhakika. Familia hutofautiana. Shangazi aliyeota ndiye wa kuulizwa, si kundi zima la Wasap. Na asitangaze mtu jina huko kabla nyanya wote wawili hawajaambiwa kwa sauti.

MamaUmoja
Asanteni. Mume atakwenda kwa mamake Jumamosi. Shangazi nitampigia leo jioni, nimuulize kama anataka Akinyi kwenye karatasi au mdomoni.