Kurasa 30 zimegeuka 45 kwenye ankara: huu ni ukurasa wa nani?

Ndugu wanajukwaa, ofisi moja ya tafsiri hapa Dar es Salaam ilikubali kunitafsiria ripoti ya Kiingereza yenye maneno 9,000 kwa shilingi 10,000 kwa ukurasa. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa 30 za A4, kila mmoja ukibeba maneno kama 300, kwa hiyo niliandaa shilingi 300,000. Jana wameniletea ankara ya shilingi 450,000, wakidai kwamba tafsiri imetoka kurasa 45. Nilipofungua faili nilikuta herufi za ukubwa wa 14, mistari iliyoachanishwa maradufu, na pambizo pana kama barabara ya mwendokasi. Niliporudisha mpangilio wa ripoti ya awali, kurasa zilishuka hadi 29! Mtafsiri mwingine alikuwa ametaka shilingi 40 kwa neno la Kiingereza, yaani 360,000 zisizopanda wala kushuka, lakini hawa walipata kazi kwa kujionyesha nafuu. Huu si uungwana.

Msomaji_Tabora: Pole sana, ndugu. Bei ya neno ndiyo ya haki siku zote, maana neno halinenepeshwi kwa kukuza herufi.

Mtafsiri_Mkongwe: Si siku zote. Cheti cha kuzaliwa kina maneno machache, lakini kina jedwali, mihuri na mwandiko wa kubahatisha, ndiyo maana wengi wetu tuna kima cha chini kwa kazi za namna hiyo. Hata kwa bei ya neno, uliza kwanza ni maneno ya matini ipi yatakayohesabiwa. Ya matini chanzi yanajulikana kabla kazi haijaanza. Anayeng'ang'ania ukurasa akubali kuupima kwa herufi, kwa mfano 1,800 pamoja na nafasi, kwa sababu Word huzihesabu yenyewe. Bei ya saa nayo igeuzeni kuwa ya neno: anayetoza 12,000 kwa saa na kutafsiri maneno 250 katika saa hiyo atatumia saa 36 kwa ripoti yako, jumla 432,000, yaani shilingi 48 kwa neno. Mimi hutoza kwa saa ninapohariri tafsiri ya mtu mwingine, kwa kuwa ubovu wake haupimiki kwa maneno.

Mama_Stashenari: Mimi nachapa mihtasari ya vikao iliyoandikwa kwa mkono, kwa shilingi 1,000 kwa ukurasa uliochapwa. Juzi mteja alihesabu kurasa za daftari lake, zikawa chache kuliko zangu, akagoma kulipa. Je, nihesabu za daftari?

Msomaji_Tabora: Mama, hapa tunazungumzia tafsiri.

Mtafsiri_Mkongwe: Swali lake ni lile lile. Mama, chapa ukurasa mmoja mbele ya mteja, muone umezaa kurasa ngapi, ndipo mpatane.

Mtoa mada: Ofisi imekataa kugonga muhuri mpaka nimalizie hizo 150,000. Makubaliano yetu yapo WhatsApp, na yanasema "kwa ukurasa" tu.

Mtafsiri_Mkongwe: Walipokutajia bei, walikuwa wameshaiona ripoti yenyewe?

Mtoa mada: Ndiyo, niliituma kabla ya bei, na wao ndio walioandika "kurasa 30".