Kijana mpya kasaini katoni 120, zilizopo ni 114. Utaratibu wa kupokea mzigo niuandikeje?

mwenye_funguo
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia stoo ndogo. Tupo wanne: mimi, karani, na vijana wawili wa kupanga mizigo, mmoja ana wiki tatu tu kazini. Utaratibu wa kupokea mzigo siku zote umekuwa kichwani mwangu, anayeingia anajifunza kwa kuniangalia. Wiki iliyopita nimelipia uvivu huo.

Lori lilikuja mimi nikiwa nje. Oda ilikuwa katoni 120 za sabuni ya unga, kila katoni pakiti 24. Zilikuja kwenye paleti mbili, zimezungushiwa nailoni nyeusi, na juu zimefunikwa boksi lililokatwa. Kijana akazunguka akihesabu: upande mrefu katoni 4, upande mfupi 3, kwenda juu tabaka 5. Nne mara tatu mara tano, 60. Paleti mbili, 120. Hati ya mzigo nayo inasema 120. Akasaini, akagonga muhuri, lori likaondoka.

Siku ya tatu tunafungua paleti ya pili, tunakuta shimo. Ukipanga 4 kwa 3, kila tabaka lina katoni 2 za katikati ambazo aliyesimama pembeni hazioni. Tabaka 3 za juu hazikuwa nazo. Katoni 6 hizo, pakiti 144. Msambazaji anasema karatasi imesainiwa safi, hana cha kujadili.

Sasa nataka niandike ukurasa mmoja ubandikwe mlango wa kupokelea, mgeni ausome siku ya kwanza. Nimejaribu, nimefika kurasa sita ambazo hata mimi mwenyewe sizisomi. Nini kibaki, nini kitoke?

tandiboi_mstaafu
Pole mkuu. Nimekaa nyuma ya malori miaka mingi. Shimo kama hilo si lazima liwe wizi wa kupangwa. Mara nyingine paleti inafunguliwa njiani, mteja wa kwanza anajaziwa pungufu lake, kisha inafungwa tena haraka haraka. Katoni zinachomolewa katikati kwa sababu zikitoka pembeni kila mtu ataona.

Dalili zipo. Nailoni ya mashine inazunguka kwa nafasi sawa toka chini hadi juu. Ya mkono inapanda na kushuka, mwisho wake umefungwa fundo. Na boksi la kufunika juu, hilo kwangu ndilo la kwanza kutoa. Paleti yako ilikuwa ndefu kuliko mtu, sivyo? Basi weka ngazi na tochi pale mlangoni. Mtu akichungulia toka juu, shimo lile analiona kabla hata hajaanza kuhesabu.

getini_saa_mbili
Kwa hiyo mnataka kumkata kijana mshahara kwa kosa ambalo hakufundishwa? Huo ni uonevu, tuseme ukweli.

mwenye_funguo
Hapana ndugu, soma tena. Hakatwi hata senti. Ninayeandika adhabu hapa ni mimi, najiandikia mwenyewe kurasa sita.

sheria_mkononi
Mnajisumbua. Kila hati iandikwe juu ya saini: "Imepokelewa bila kuhesabiwa." Ukishaandika hivyo umejikinga, hata mwezi ukipita unadai.

mama_leja
Kaka hapo juu yuko sawa nusu. Maneno hayo yanasaidia kidogo pale ambapo kweli haikuwezekana kuhesabu. Lakini ukiyaandika kila siku yanakuwa kama muhuri, hakuna anayeyasoma. Na wasambazaji wengi wana masharti yao, ama kwenye mkataba ama nyuma ya hati, yanayosema pungufu litaarifiwe ndani ya muda fulani. Mwenye stoo asome masharti ya kila msambazaji wake na aandike siku hizo kwenye ukurasa wake. Ukipita muda, maneno yako ya juu ya saini hayatakubeba.

Narudi kwa mwenye swali. Mimi ni mtu wa leja, nimepokea mizigo tangu enzi za karatasi ya kaboni. Kosa lako si hesabu ya kijana peke yake. Kijana aliiona 120 kwenye karatasi kabla hajahesabu. Mtu akishaijua namba, macho yake yanaitafuta. Akipata 120 kwa hesabu ya haraka anashukuru na kuacha. Angepata 114 angerudia mara mbili, angeona labda ni yeye kakosea.

Kwa hiyo anayehesabu asipewe hati. Mpe karatasi yenye jina la bidhaa na kipimo chake tu, sehemu ya idadi iwe tupu. Hati na oda akae nazo karani. Kijana akimaliza analeta namba yake, ndipo namba tatu zinawekwa pamoja: ya oda, ya hati, ya kuhesabu. Zikitofautiana, mtu mwingine anahesabu upya, naye haambiwi tofauti ni ngapi.

Kipimo nacho kiandikwe kwa ukamilifu. Usiandike "katoni", andika "katoni ya pakiti 24". Niliwahi kupokea katoni idadi kamili kabisa, kumbe kiwanda kilibadilisha ujazo kutoka 24 kwenda 20. Katoni zilitimia, pakiti zikapungua, na leja ikaendelea kuzidisha kwa 24 kwa muda mrefu. Siku hizi nasoma ubavu wa katoni kila mzigo.

pima_kwanza
Haya yote yanaondoka ukiwa na mzani wa sakafuni. Pima paleti, toa uzito wa mbao, gawanya kwa uzito wa katoni moja. Dakika mbili.

mwenye_funguo
Mzani ninao. Katoni moja ya sabuni hiyo ina kilo 9. Paleti ya kwanza tungepata kilo 540 za mzigo, ya pili 486. Kwa kweli tungeliona.

mama_leja
Mngeliona, kwa sababu tofauti ni kilo 54. Mzani utumike, sikatai, ila kwa kugundua katoni zilizokosekana kwenye paleti ya bidhaa moja. Mbao zenyewe hazilingani, na iliyonyeshewa ni nzito kuliko kavu, kwa hiyo usichukue uzito wa mbao moja ukautumia kwa zote. Paleti yenye bidhaa tatu tofauti, mzani hausemi kipi kimepungua. Na pakiti moja iliyochomolewa ndani ya katoni haitaonekana kwenye kilo 500. Hiyo unaipata kwa kuangalia gundi: katoni yenye utepe juu ya utepe, au utepe wa rangi nyingine, ifunguliwe mbele ya dereva.

rafu_ya_tatu
Mimi kilio changu ni tarehe. Tulihesabu vizuri, idadi safi, kumbe mzigo mpya unaisha muda mapema kuliko wa zamani uliokuwa kwenye rafu. Tukaupanga nyuma kama kawaida, mpya nyuma, wa zamani mbele. Tuliutupa karibu wote. Tarehe ya mwisho na namba ya toleo ziandikwe pale pale mlangoni, si baadaye.

mwenye_funguo
Asanteni. Nimeandika upya, naomba mnikosoe. Nimejaribu kuandika kama ninavyoongea na kijana:

"Lori likifika, usishushe kitu. Mwite karani alinganishe hati na oda. Kama hatuna oda hiyo, mzigo haushuki. Gari likiwa na sili, soma namba yake na ilingane na iliyo kwenye hati kabla ya kukatwa.

Mzigo unashukia ndani ya mstari wa njano tu. Toa nailoni na kifuniko cha juu, panda ngazi, angalia katikati. Katoni iliyolowa, iliyobonyea au yenye utepe mara mbili iweke kando, ipige picha, ifungue dereva akiwepo.

Hesabu tabaka kwa tabaka na uandike kwenye karatasi tupu: bidhaa, ujazo wa katoni kama ulivyosomeka ubavuni, idadi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Usimuulize dereva ni ngapi. Mpe karani karatasi.

Namba zikitofautiana, hesabu irudiwe na mtu mwingine. Zikiendelea kutofautiana, karani anaandika kwenye nakala zote za hati idadi tuliyopokea kwa tarakimu na kwa maneno, na pungufu ni ngapi. Dereva anasaini chini ya maandishi hayo, kisha sisi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na saa.

Mzigo hauvuki mstari wa njano mpaka hati yetu ya kupokelea iwe na namba."

mama_leja
Huo ni ukurasa. Hiyo sentensi ya mwisho ipigie mstari. Mzigo ukishachanganyika na wa zamani kwenye rafu, hakuna mtu duniani atakayejua pungufu lilitoka kwa dereva au lilitokea kwako. Na katoni zilizoharibika ziwe na kona yao yenye kibao, la sivyo kesho mtu ataziona nzuri nzuri na kuzipandisha.

Kitu kimoja ongeza: nani anapokea wewe na karani mkiwa nje. Usiandike "mtu yeyote aliyepo", maana ndivyo mlivyofika hapa.

tandiboi_mstaafu
Kukata nailoni paleti zote? Mkuu, dereva ana vituo saba kwa siku. Akisubiri dakika arobaini kwako, kesho atakuja kwako wa mwisho, saa ya kufunga, na hapo ndipo mnapohesabu vibaya. Fungueni moja kati ya tatu.

mama_leja
Na shimo likiwa kwenye zile mbili?

tandiboi_mstaafu
Zile mbili zipite kwenye mzani.

mama_leja
Kwa bidhaa moja, sawa. Kwa mchanganyiko bado sikubali.

mwenye_funguo
Mrejesho. Leo asubuhi tumeujaribu. Katoni 48 za mafuta ya kupikia, kijana kahesabu karatasi tupu mkononi, kaleta 47. Karani karudia, naye 47. Dereva kaanza kupandisha sauti, tukaanza kuandika pungufu kwenye hati. Kabla hajasaini utingo karudi garini, kainua turubai, katoni moja imekaa pale pembeni. Jumla dakika 25, na kijana anatembea kifua mbele.

Kuhusu nani apokee sisi wawili tukiwa nje, bado sina jibu. Kwa sasa nimeandika kwamba lori lisubiri nje mpaka mmoja wetu arudi. Najua tandiboi atanisema.

tandiboi_mstaafu
Nakusema. Angalau wape madereva namba ya simu na saa za kupokea.